Kazi ya Saa Nane Usiku

Mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo, hapa Tanga, alinipigia simu Jumatatu asubuhi. "Kaka, nakala za hesabu za usiku hazipo. Ya mwisho ni ya Jumatano." Nilipofika, kijana anayewatunzia kompyuta alikuwa amekwishawahakikishia wote kwamba hakuna kilichoharibika, na hakuwa akidanganya. Alibofya faili la kunakili mara mbili mbele yangu. Dirisha jeusi likafunguka, majina ya mafaili yakateremka, nakala ikaenda ilikotakiwa. Akanigeukia: "Umeona, mzee? Inafanya kazi."

Niliona. Lakini nilichoona ni kwamba yeye, akiwa ameketi pale na jina lake na neno lake la siri, anaweza kunakili. Swali la mhasibu lilikuwa jingine: saa nane usiku, ofisi imefungwa na kiti hakina mtu, ni nani anayenakili?

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Seva ya Windows Server 2019 ina diski D, na ndani yake kuna folda ya hesabu. Chumba cha pili kuna kifaa cha kuhifadhia mafaili kinachoitwa GHALA kwenye mtandao wa ofisi, na kijana alikuwa amekipa herufi Z ili kionekane kama diski ya kawaida. Faili lake la amri lilikuwa na mstari mmoja:

```
robocopy D:\Hesabu Z:\Nakala /E /LOG:nakala.log
```

Mstari huo aliupangia saa nane usiku kupitia Task Scheduler, programu ya Windows inayoendesha kazi kwa ratiba. Kwa wiki mbili nakala zilikwenda bila tatizo, kisha zikakoma. Hakuna aliyegusa kitu.

Chanzo cha kwanza tulikikuta kwenye kichupo cha General cha kazi ile. Pale pana vidoti viwili vya kuchagua. Cha kwanza husema `Run only when user is logged on`, yaani endesha pale tu mwenye akaunti anapokuwa ameingia. Cha pili ni `Run whether user is logged on or not`: endesha, awe ameingia au hajaingia. Windows huweka cha kwanza isipoambiwa vingine, na kijana alikuwa amekiacha hivyo hivyo.

Sasa, mbona kazi ilifanyika kwa wiki mbili ilhali usiku hakuna mtu? Kwa sababu kijana huingia kwenye seva kwa mbali, na akimaliza hufunga dirisha kwa kubofya alama ya X. Kufunga dirisha si kutoka. Kikao chake hubaki hai ndani ya seva na diski Z yake ikiwemo, na kwa hesabu za Windows yeye bado "ameingia". Kisha likaja sasisho la mwezi. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na seva hii ilikuwa imepangwa kuyapokea na kujiwasha upya yenyewe. Ilijiwasha upya Jumatano saa tisa usiku, saa moja baada ya nakala ya mwisho. Kikao kikafa. Kuanzia Alhamisi kazi haikuanza kabisa. Kichupo cha History kingetueleza, ila Windows hukiacha kimezimwa mpaka mtu abofye `Enable All Tasks History` upande wa kulia. Tulikiwasha hapo hapo.

Tiba inaonekana rahisi, nayo ni kuhamia kidoti cha pili. Lakini ukihama, unaiomba Windows jambo la aina nyingine kabisa, na matatizo mengi huanzia hapo.

Mtu akiketi mbele ya kompyuta na kuandika neno la siri, Windows huuita uingiaji huo aina ya 2. Akifungua folda ya kompyuta nyingine kupitia mtandao, kule anahesabiwa aina ya 3. Akiingia kwa mbali kwa Remote Desktop ni aina ya 10. Kazi ya ratiba inayoendeshwa bila mtu ni aina ya 4. Kila aina ina haki yake, na haki hizo haziendi pamoja. Akaunti inaweza kuruhusiwa kuketi mezani mchana kutwa na bado ikakataliwa kufanya kazi usiku bila mtu. Haki ya aina ya 4 imeandikwa kwenye orodha ya Windows kwa jina `Log on as a batch job`. Windows ikiwa mpya, wanaokuwa nayo ni makundi machache: Administrators, Backup Operators na Performance Log Users. Mtumiaji wa kawaida hayumo.

Nilimshauri kijana asiiendeshe kazi hii kwa akaunti yake mwenyewe. Akiondoka kazini au akibadili neno lake la siri, nakala zitaondoka naye. Tulifungua akaunti ya kawaida kwenye domeni ya ofisi, tukaiita nakala, tukaiweka kwenye kazi kupitia kitufe cha `Change User or Group`, tukachagua kidoti cha pili na kubofya OK. Windows iliuliza neno la siri, kisha ikatoa kisanduku cha onyo kwamba akaunti hii inahitaji haki ya `Log on as batch job`. Kijana akabofya OK tena, kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa kisanduku kile kina sura ya taarifa tu.

Tukabofya kazi kwa kitufe cha kulia na kuchagua Run. Jaribio hili lina maana kubwa, na ni tofauti na kulibofya faili lenyewe mara mbili. Run ya Task Scheduler, kidoti cha pili kikiwa kimechaguliwa, huifanya kazi kwa akaunti iliyoandikwa pale na kwa uingiaji wa aina ya 4, hata kama wewe umeketi pale ukitazama. Hutaona dirisha lolote likifunguka. Mtu anayebofya faili mara mbili na anayebofya Run wanajaribu vitu viwili, na ni Run peke yake inayokukaribia saa nane usiku.

Safari hii tulipata jibu. Safu ya `Last Run Result` ilionyesha 0x80070569, pamoja na maneno kwamba mtumiaji hakupewa aina ya uingiaji iliyoombwa kwenye kompyuta hii. Kwenye Event Viewer, sehemu ya Security, kulikuwa na tukio namba 4625, yaani uingiaji ulioshindikana. Ndani yake mliandikwa `Logon Type: 4` na hali 0xC000015B. Ukikuta vitu hivyo pamoja, acha kulihangaikia faili lako la amri. Halijasomwa hata mstari wa kwanza. Akaunti imezuiwa mlangoni.

Haki hiyo hupewa kupitia `secpol.msc`, chini ya Local Policies, kisha User Rights Assignment. Tulipofungua tukakuta kitufe cha kuongeza jina kimefifia, hakibonyezeki. Maana yake orodha ile haitawaliwi na seva hii bali na sera ya domeni nzima, na sera ya domeni ikitaja haki fulani, orodha yake huchukua nafasi ya orodha ya seva, hazijumlishwi. Hili huwachanganya hata watu wazoefu. Wapo niliowaona wakiongeza jina kwenye seva, kazi ikaenda vizuri mchana, kisha sera ya domeni ikajirudia na kulifuta jina lile bila kelele. Ilibidi tuingie kwenye kompyuta inayoongoza domeni, tufungue `gpmc.msc`, tuiongeze akaunti nakala kwenye sera inayohusu seva hii, kisha turudi kwenye seva na kuandika `gpupdate /force`. Tulikagua pia orodha ya pili inayoitwa `Deny log on as a batch job`. Akaunti ikiwa kwenye orodha zote mbili, ile ya kukataza ndiyo inayoshinda.

Kijana alikuwa na njia fupi zaidi. "Mzee, kwa nini tusiiweke tu kwenye Administrators? Imo tayari kwenye orodha." Ni kweli ingepita. Lakini akaunti ambayo neno lake la siri limehifadhiwa ndani ya seva, na ambayo inahitaji kusoma folda moja na kuandika folda nyingine, tungeikabidhi mamlaka juu ya hesabu zote za wanachama. Nilikataa, na ningekataa popote.

Tukabofya Run mara ya pili. Mlango ulifunguka, kazi ilianza, ikaisha papo hapo. `Last Run Result` ikasema 0x10. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni 16, na kwa robocopy 16 ni kosa zito: haikunakili hata faili moja. Tukalitafuta faili la nakala.log litueleze sababu. Halikuwapo popote.

Hapo ndipo kesi hii inapofundisha, kwa sababu makosa mawili yalikuwa yamejificha nyuma ya namba moja, na moja lilikuwa likimficha mwenzake. Ukibofya faili mara mbili, Windows huanzia kwenye folda lilimo faili hilo. Ukiliendesha kwa ratiba bila kuandika lolote kwenye kisanduku cha `Start in`, huanzia `C:\Windows\System32`. Mstari wetu ulisema tu `nakala.log`, bila njia kamili, kwa hiyo robocopy ilijaribu kuandika faili hilo ndani ya System32. Akaunti ya kawaida haina ruhusa ya kuandika humo. Ikakwama kabla ya kuanza, na karatasi ambayo ingetuandikia sababu ndiyo hiyo hiyo iliyoshindikana kuandikwa.

Kosa la pili lilikuwa diski Z. Herufi ya diski ya mtandao si mali ya kompyuta, ni mali ya kikao cha mtu aliyeiunganisha. Windows humrudishia kijana Z yake kila anapoingia na kuketi. Akaunti nakala haikuwahi kuketi popote, na uingiaji wa aina ya 4 haurudishi diski za mtandao. Kwake Z haipo kabisa. Ukienda kutazama asubuhi kwa jina lako utaikuta Z iko palepale, wala hutaamini kwamba usiku haikuwapo.

Ili kijana aone mwenyewe badala ya kuniamini mimi, tuliandika faili dogo la upelelezi, tukaipa akaunti nakala ruhusa ya kuandika kwenye folda ya `C:\Kazi`, tukaliendesha kwa kazi ile ile:

```
whoami > C:\Kazi\nani.txt
cd >> C:\Kazi\nani.txt
whoami /groups >> C:\Kazi\nani.txt
net use >> C:\Kazi\nani.txt
```

Mstari wa kwanza hutaja ni nani anayefanya kazi, wa pili yuko folda gani, wa tatu ni wa makundi gani, wa nne ana diski zipi za mtandao. Tulipolifungua nani.txt tulikuta jina la nakala, tukakuta System32, na kwenye makundi tukakuta `NT AUTHORITY\BATCH`. Hiyo ndiyo alama ya mtu wa aina ya 4. Angekuwa ameketi mezani ingeandikwa `NT AUTHORITY\INTERACTIVE`. Orodha ya diski za mtandao ilikuwa tupu. Kijana alilibofya faili lile lile mara mbili kwa mkono wake, akaweka majibu mawili kando kwa kando, na hakuuliza tena kwa nini.

Faili la amri likaandikwa upya hivi:

```
@echo off
robocopy D:\Hesabu \\GHALA\Nakala /E /R:2 /W:5 /LOG:C:\Kazi\nakala.log
if %ERRORLEVEL% LSS 8 exit /b 0
exit /b 1
```

Herufi Z imeondoka, pameandikwa jina kamili la kifaa na folda yake ya mtandao. Kumbukumbu ina anwani kamili. `/R:2 /W:5` inaiambia robocopy kwamba faili likigoma ijaribu tena mara mbili tu, ikingoja sekunde tano kila mara. Usipoandika hivyo, itajaribu mara milioni moja na kungoja sekunde 30 kila mara, na asubuhi utaikuta kazi bado inasema Running kwa sababu ya faili moja lililoachwa wazi. Mistari miwili ya mwisho ipo kwa sababu robocopy ina tabia yake: hurudisha 1 inaponakili vizuri, na kuanzia 8 ndipo kuna kilichoshindikana. Bila mistari hiyo kazi njema ingeonyesha 0x1, namba ambayo kwa programu nyingine nyingi ni ishara ya kosa, na mtu angeanza kutibu kisichoumwa.

Kwenye GHALA tuliipa akaunti nakala ruhusa mahali pawili, kwenye folda inavyoshirikiwa mtandaoni na kwenye folda yenyewe. Zikitofautiana, ile ndogo ndiyo inayotawala. Kwenye D:\Hesabu tuliipa ruhusa ya kusoma tu. Run ya tatu ikatoa 0x0, na mafaili yalikuwa ndani ya GHALA.

Kuna kisanduku kimoja ambacho kijana alitaka kukiweka alama kabla hatujafunga, kinachoitwa `Do not store password`. Hoja yake ilikuwa nzuri: neno la siri lisipohifadhiwa, halitaibiwa wala halitapitwa na wakati. Lakini maelezo ya kisanduku hicho yanaendelea kusema kwamba kazi itafikia vitu vya kompyuta hii pekee. Windows ikifanya kazi bila neno la siri, haina cha kuionyesha GHALA ili ithibitishe kuwa ni nakala. Kwa kazi ya kufuta mafaili ya muda ndani ya seva yenyewe kisanduku hicho kinafaa sana. Kwa kazi inayovuka mtandao, kitaizima.

Kwa hiyo neno la siri limehifadhiwa, na hiyo ina deni lake. Siku litakapobadilishwa kwenye domeni, Task Scheduler haitaarifiwa. Itaendelea kutumia la zamani na kupata 0x8007052E, yaani jina au neno la siri si sahihi. Namba hii huwatokea watu miezi kadhaa baada ya kila kitu kuwa sawa, mara nyingi muda mfupi baada ya tarehe ambayo sera ya ofisi inalazimisha maneno ya siri yabadilishwe. Ofisi yenye domeni inaweza kuepuka deni hilo kwa akaunti za pekee zinazoitwa gMSA, zilizokuja na Windows Server 2012. Domeni yenyewe hutunga neno lao la siri na kulibadilisha kila siku 30 bila mtu kulijua. Chama hiki kilisema kitafikiria. Kwa sasa tarehe ya kubadilisha imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani ya mhasibu, na kijana anajua kwamba siku hiyo atafungua kazi na kuandika neno jipya.

Wengi huuliza kama SYSTEM, akaunti ya ndani ya Windows isiyo na neno la siri, isingemaliza yote haya. Ndani ya kompyuta ina nguvu kupita kiasi kwa kazi ndogo kama hii. Nje, kwenye mtandao, haijulikani kwa jina la mtu yeyote bali kwa jina la kompyuta yenyewe, na ofisi isiyo na domeni haiwezi hata kulitambua jina hilo. GHALA ingeikataa vilevile mpaka seva ipewe ruhusa yake.

Mhasibu naye alikuwa na ombi: kazi ya pili, itakayofungua Excel usiku, itengeneze ripoti na kuichapisha. Hiyo nilimwambia asiitegemee. Tangu Windows Vista, kazi zisizo na mtu hukaa kwenye kikao namba 0 ambacho hakuna binadamu anayekiona. Excel ikitoa kisanduku cha kuuliza jambo, hakuna wa kubofya, nayo itasubiri hapo hapo. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono Office kuendeshwa namna hiyo. Ripoti itengenezwe na programu ya hesabu yenyewe, au mtu aifungue asubuhi.

Jioni ile nilimwomba kijana afanye jambo ambalo hakulipenda: atoke kwenye seva kwa Sign out, si kwa alama ya X, kisha tuiwashe upya na asiingie mtu mpaka kesho. Jumanne asubuhi mhasibu alilifungua nakala.log yeye mwenyewe kabla hajavua mtandio. Lilikuwa na saa ya 2:00 usiku ya Windows, ambayo kwetu ndiyo saa nane, na idadi ya mafaili yaliyonakiliwa.

Wewe mwenye kazi kama hii ofisini kwako, ijaribu hivyo hivyo leo: toka kabisa, washa upya, usiingie. Asubuhi tazama `Last Run Result` kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba nakala zipo.